Kiporo cha Wali: Kwa Nini Kukichemsha Hakutoshi

Mimi nilikuwa mwanachama wa chama hiki hadi nilipomaliza kidato cha nne, na sasa nasomea upishi wa watu wengi katika chuo kimoja cha ufundi huku Migori. Mlezi wa chama aliponiomba makala, nilifikiria kuandika juu ya methali, lakini mkono ukakataa. Nimeamua kuandika juu ya swali moja la mtihani lililonipa alama 2 kwa 10, na juu ya matanga yaliyonifanya nilielewe swali lenyewe.

Swali lilikuwa la mazoezi, mwalimu wetu alilitunga ili atutayarishe kwa mtihani wa Baraza la Mitihani. Lilikuwa hivi: "Umepewa kazi ya kupikia wageni 70. Wali wa kilo 8 za mchele umeiva saa 3 usiku na utaliwa kesho yake saa 4 asubuhi. Jikoni hakuna friji. Taja hatari iliyopo, eleza kama kuupasha moto wali asubuhi kutaiondoa, kisha upendekeze la kufanya." Mimi nilijibu kwa madaha kwamba hatari ni vijidudu, na kwamba wali ukipashwa moto hadi digrii 75 vijidudu vyote vitakufa na wageni watakula salama salimini. Niliweka hata mstari chini ya 75. Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umeua mwizi, lakini mali imekwisha ibiwa."

Sikumwelewa. Niliudhika hasa, kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu hupasha kiporo moto na kukila. Lakini usiku huo, nikiwa kitandani, nilikumbuka jambo lililotokea nyumbani mwaka niliokuwa kidato cha tatu.

Tulikuwa na matanga katika boma la jamaa zetu, upande wa Homa Bay karibu na ziwa. Kama ilivyo desturi, watu walikesha. Shangazi mmoja, aliyeolewa hapo si zamani, alipewa jukumu la kupika wali wa wanakwaya na watoto, maana wazee hawana habari na wali, wao ni ugali na samaki tu. Aliupika jioni ili asubuhi apate nafasi ya kushughulikia wageni. Sufuria ikafunikwa, ikawekwa pembeni ya jiko juu ya mafiga yaliyozimika. Asubuhi akarudisha moto, akanyunyiza maji, akakoroga hadi mvuke ukafoka. Watu wakala saa 4. Ilipogonga saa 6 za mchana, mwanakwaya wa kwanza aliondoka mbio kuelekea nyuma ya nyumba. Kabla ya saa 8, watu wapatao ishirini walikuwa wanatapika, na watoto wawili walipelekwa hospitalini wakatiwa maji kwa mshipa.

Basi maneno yakaanza. Mbona wazee hawakuugua? Mbona ni wale tu waliopakuliwa na mgeni? Kufikia jioni wagonjwa wote walikuwa wamepata nafuu, lakini neno "sumu" lilikuwa limekwisha tamkwa, na shangazi alilala kwa jirani siku hiyo. Hakuna aliyempiga, ila kwa muda mrefu hakuna aliyegusa chakula chake.

Nataka nieleze sumu hiyo ilitoka wapi, kwa kadiri nionavyo. Wali ule haukupimwa na mtu yeyote, kwa hivyo siwezi kuapa. Lakini saa zenyewe na dalili zenyewe zinaelekeza mahali pamoja.

Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus. Makao yake ni udongoni. Mpunga hukua udongoni tena majini, uwe wa mradi wa Kuja ya Chini kule Nyatike au wa Kimira-Oluch upande wa Homa Bay, kwa hivyo si ajabu kumkuta kwenye mchele, hata ule uliopepetwa na kuoshwa mara tatu. Akiona hali ni ngumu, kwa ukavu au joto, hujifungia ndani ya ganda gumu. Katika hali hiyo huitwa spora. Spora haili, haizaani, inangoja tu, kama kambare aliyejizika kwenye tope kiangazi akingoja mvua.

Sasa wewe unachemsha mchele. Huku kwetu, kwa sababu ya mwinuko wa nchi, maji huchemka yakifika takriban digrii 96, wala hayafiki 100. Hata yangefika 100, spora nyingi zingepona. Bakteria wengine wengi hufa, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mabaya zaidi: spora ikija kuamka, inakuta uwanja mtupu, chakula tele, maji tele, na washindani wachache. Joto la kupika huwa limeigutusha tu. Wali unapopoa na kushuka chini ya digrii 55 au hivyo, ganda linapasuka na bakteria anaanza kugawanyika. Anapenda zaidi joto la digrii 30 hadi 37, yaani joto la mwili wako na wangu.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme kila gramu ya wali ina bakteria 100, na kila nusu saa mmoja anakuwa wawili. Baada ya saa 5 wamejizidisha mara kumi, na wale 100 wamekuwa 102,400. Wataalamu huanza kuogopa chakula kikifika bakteria laki moja kwa gramu. Kutoka saa 3 usiku hadi saa 4 asubuhi ni muda wa saa 13.

Sasa sikiliza kiini cha neno la mwalimu wangu. Bakteria hawa wakiwa wengi ndani ya wali, hutoa sumu iitwayo sereulidi. Wakati wa kuitoa ni ule ule wali ukiwa vuguvugu. Sumu hii si kiumbe, haina uhai, kwa hivyo huwezi kuiua. Imewahi kujaribiwa kwa joto la digrii 121 kwa muda wa dakika 90, nayo ikabaki na nguvu zake. Sufuria ya shangazi, hata ingechemka hadi adhuhuri, isingefika huko. Ukipasha kiporo moto unawaua bakteria, naam, hao ndio wezi. Lakini sumu imekwisha wekwa ndani ya wali, haina harufu, haibadilishi rangi, wala ulimi hauionji. Ikiingia tumboni, kutapika huanza baada ya nusu saa hadi saa 6. Watu wetu walianza baada ya saa 2. Na wazee hawakuugua kwa sababu hawakula wali, basi. Mchawi hakuwepo.

Msidhani haya ni ya kwetu peke yetu. Uingereza waliyaona mapema miaka ya 1970, katika mikahawa ya Kichina. Wapishi walikuwa wanachemsha wali mwingi jioni na kuuacha nje usiku kucha. Hawakuutia kwenye friji kwa sababu wali wa friji hushikamana na haukaangiki vizuri. Kesho yake waliukaanga upesi na mayai. Wateja wakala na kutapika. Kumbe hadithi ni ile ile ya matanga, tofauti ni mayai tu.

Baada ya swali hilo, mimi na wenzangu wawili tuliomba kipimajoto cha chuo tujionee. Tulipika kilo 8 za mchele zikatoa kama kilo 20 za wali, tukaziacha ndani ya sufuria moja nzito, kina cha sentimita 20, kifuniko juu. Ilikuwa saa 3 usiku. Saa 12 asubuhi katikati ya sufuria bado palikuwa na digrii 48. Tukadhani basi wali ni salama, maana una joto. Mwenzetu mmoja akasogeza kipimajoto hadi karibu na ukingo, sentimita 5 kutoka kwa chuma. Hapo palikuwa na 33. Ndipo tukaelewa kwamba sufuria kubwa haipoi kwa pamoja. Inapoa kutoka nje kuingia ndani, na kati ya ukingo baridi na moyo wa moto kuna pete ya wali iliyo vuguvugu, ambayo usiku kucha inahama polepole kuelekea katikati. Pete hiyo ndiyo kitalu cha Bacillus cereus. Kwa hivyo mtu akitumbukiza kipimajoto katikati tu, au akishika sufuria kwa kiganja, anajidanganya. Pima mahali pawili.

Kwa nini wali hung'ang'ania joto namna hii? Kwa sababu ni mzito na hauzunguki kama maji. Joto la katikati lazima lipenye punje kwa punje hadi nje. Na hapa kuna kanuni ambayo mtahini huipenda: kina kikiongezeka mara mbili, muda wa kupoa huongezeka mara nne hivi. Ukipunguza kina kutoka sentimita 20 hadi 5, umegawanya kwa nne, na muda umegawanyika kwa kumi na sita. Hakuna friji duniani inayoweza kushindana na sinia pana. Tena kuingiza sufuria nzima ya moto ndani ya friji ni kuiharibu friji na vyakula vya wenzako, huku katikati ya wali pakibaki vuguvugu vile vile.

Siku ya pili tulitandaza wali kama ule kwenye masinia sita, kina sentimita 3, bila kuufunika, tukaweka feni, tukawa tunaugeuza kwa mwiko safi kila baada ya dakika kumi. Ulitoka 85 hadi 29 kwa muda wa saa moja na robo. Tulipiga makofi. Lakini ukakwama hapo! Tulingoja nusu saa nyingine ukashuka digrii mbili tu. Hewa haiwezi kupoza kitu kuliko hewa yenyewe ilivyo, na mchana wa Homa Bay au Migori unaweza kuwa na digrii 30 kamili. Vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako dirisha likifunguliwa chakula kinapoa. Kanuni ya Marekani, kwa mfano, inataka chakula kitoke digrii 57 hadi 21 kwa muda wa saa 2, kisha kifike 5 kwa saa 4 zaidi. Huku kwetu hewa peke yake haitakufikisha 21 mchana. Lazima upate barafu au friji kwa sehemu iliyobaki, la sivyo usianze safari hiyo.

Wengine hupoza wali kwa kuumiminia maji baridi ndani ya chujio. Njia hiyo ni ya haraka kuliko zote, na inakubalika mtihanini, ila maji yawe ya kunywa kweli kweli, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Ukitumia maji ya ziwa yalivyo, umefukuza chui ukakaribisha simba.

Nije kwa mchuzi. Mchuzi mwepesi ni mtiifu zaidi, kwa sababu ukiukoroga unazunguka na joto linatoka. Gawa mchuzi katika sufuria ndogo, ziweke ndani ya karai la maji baridi, koroga, badilisha maji yakipata joto. Barafu usiitumie mwanzoni! Tulikosea hapo. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hupunguza joto la lita 4 za mchuzi kwa digrii 20 hivi. Mchuzi wa lita 20 ukitaka kuushusha kutoka 90 hadi 30 kwa barafu, utahitaji kilo 15, na pesa zitakuishia. Maji ya mfereji yatafanya kazi hiyo bure. Ukifika 30, hapo ndipo utie barafu ndani ya karai, na kilo 5 zitakufikisha 10. Ile barafu ya kuhifadhia samaki ufuoni yafaa kwa kazi hii, mradi ibaki nje ya sufuria. Isiguse chakula hata tone.

Mchuzi mzito, wa maharagwe yaliyopondwa au uliotiwa unga, una tabia ya wali: haukubali kuzunguka, kwa hivyo nao utandaze. Na hapa bakteria wetu ana sura ya pili. Huko Oslo, Norwe, mwishoni mwa miaka ya 1940, mamia ya watu waliharisha baada ya kula sosi ya vanila. Sosi hiyo ilipikwa kwa wanga wa mahindi siku moja kabla, ikaachwa nje. Mtaalamu mmoja, Steinar Hauge, alimtoa bakteria huyo kwenye sosi, akamkuza ndani ya sosi nyingine, kisha akanywa mililita 200 yeye mwenyewe! Aliugua baada ya saa 13. (Tafadhali usimwige.)

Katika sura hii ya pili, sumu hutengenezwa zaidi ndani ya utumbo baada ya kumeza bakteria walio hai. Ndiyo maana mtu huchelewa kuugua, kwa kawaida saa 6 hadi 15, na dalili ni kuharisha na msokoto wa tumbo badala ya kutapika. Sumu yake nayo haivumilii moto. Kwa hivyo kuchemsha mchuzi upya kunasaidia sana, lakini kwa wali kunakudanganya. Mtahini akikuuliza "kwa nini wali na mchuzi havitendewi sawa", anataka hilo. Mimi sikulijua, nikavitia vyote chungu kimoja.

Turudi kwa swali. Sasa ningejibu hivi. Hatari ni spora za Bacillus cereus kuamka na kutoa sumu ya kutapisha wali unapokaa vuguvugu kwa saa nyingi. Kuupasha moto kutaua bakteria lakini hakutaondoa sumu, kwa hivyo wali ulioachwa hadi asubuhi utupwe. Pendekezo: kwa kuwa hakuna friji, wali usipikwe usiku kabisa. Wanafunzi wengi hukimbilia kuandika masinia, feni na barafu, nami naona hapo ndipo wanapopoteza alama, kwa sababu ukiupoza wali hadi 25 na huna mahali baridi pa kuuweka, umeuingiza tu mahali bakteria anapopataka, tena mapema zaidi. Kupoza upesi kuna maana ikiwa mwisho wa safari ni friji yenye digrii 5 au chini yake. Kama hakuna friji, kazi ya usiku iwe kuchagua mchele, kukata vitunguu na kupanga kuni. Wali upikwe asubuhi na usishuke chini ya digrii 60 hadi uingie sahanini.

Likizo iliyofuata nilikwenda kumwona shangazi. Nilimchorea ile pete ya vuguvugu kwa kijiti pale uani, nikamweleza habari ya ganda na ya sumu isiyokufa. Alinyamaza kwa muda, halafu akauliza, "Kwa hivyo ni ile kuufunika nikaulaza?" Nikamwambia ndiyo, mama, ni kuulaza. Akaniita jikoni, akanitaka nirudie maneno yale yale mbele ya mama mkwe wake. Nilirudia yote, na yule bibi akaniuliza maswali makali kuliko mtahini yeyote, hasa kwa nini yeye amekula viporo miaka sabini na hajafa. Nilimjibu kwamba wali wa watu wanne ndani ya kisufuria kidogo hupoa upesi, pete yake haidumu, na hata hivyo huenda alikwisha tapika mara kadhaa akamsingizia samaki. Alicheka.

Mwezi Agosti kulikuwa na harambee katika boma lile lile. Shangazi alipewa tena jiko. Usiku alichagua mchele akalala. Saa 1 asubuhi aliwasha mafiga mawili badala ya moja, akapika kilo 4 hapa na 4 pale, kwa sababu sufuria mbili ndogo huiva mapema kuliko moja kubwa. Saa 3 wali uliiva. Aliutia makaa chini na juu ya kifuniko, akanituma nilete kipimajoto, nami nikapima katikati na ukingoni: 82 na 67. Watu walikula saa 4, yule bibi naye akaomba sahani ndogo, ingawa alisema bado ugali ni ugali.